Vijiko sita na nusu: kutatua matatizo ya manukuu, maelezo ya sauti na rangi kwenye video ya mafunzo

Video tutakayoichambua ni ya dakika 4. Muuguzi amesimama mbele ya meza na anaonyesha jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani kwa mtoto anayeharisha pale pakiti ya ORS inapokosekana: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Imerekodiwa kwa simu, ikapandishwa YouTube, kisha ikasambaa WhatsApp. Tumeichagua kwa sababu kosa dogo humo lina madhara. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, na sukari ikizidi inaongeza kuharisha. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtazamaji kiziwi au asiyeona siyo kama video imempendeza. Muulize chumvi ni kiasi gani.

Matatizo yamepangwa kwa dalili, kama watazamaji wanavyoyaleta. Anza na dalili uliyopewa, usianze na programu uliyoizoea.

“Manukuu hayatokei kabisa”

Mara nyingi hapa faili ndiyo yenye kasoro, na video haina kosa. Angalia kwanza jina lake. Windows huficha viambishi vya mwisho, hivyo faili unayoiona kama `manukuu.srt` inaweza kuwa `manukuu.srt.txt`, na hakuna kichezeshi kitakachoitambua. Kwenye VLC, faili ya manukuu iitwe jina lilelile la video na ikae folda moja nayo: `ors.mp4` na `ors.srt`.

Jina likiwa sawa, fungua faili yenyewe. Aina mbili zinazotumika zaidi zinafanana kama mapacha, na hapo ndipo watu huteleza. Kwenye SRT, sekunde na sehemu zake hutenganishwa kwa mkato. Kwenye WebVTT hutenganishwa kwa nukta, na mstari wa kwanza kabisa lazima uwe neno `WEBVTT`. Ukibadilisha jina la faili kutoka `.srt` kwenda `.vtt` bila kugusa yaliyomo, kivinjari kitaikataa kimyakimya, wala hakitakuambia kosa liko wapi.

Ikiwa manukuu yanatokea mwanzoni kisha yanakatika katikati, tafuta mstari mtupu. Kila kipande hutenganishwa na kinachofuata kwa mstari mmoja usio na kitu. Ukikosekana, vipande viwili huungana na namba ya cha pili huonekana kwenye skrini kama sehemu ya maneno.

“Jagi lingâ€™ae”

Huu ni ugonjwa wa Kiswahili hasa, kwa sababu ya ng'. Muuguzi anasema “osha jagi mpaka ling'ae”, na kwenye skrini linatokea dubwana la alama tatu mahali pa kibainishi. Chanzo ni programu ya kuandikia, ambayo ilipinda kibainishi kilichonyooka (') ikakifanya cha mapambo (’). Hicho cha mapambo huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Kichezeshi kinachodhani faili ni ya mfumo wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, ndipo unapopata â€™. Ukiona � badala yake, mambo yamegeuka: faili imehifadhiwa kwa mfumo wa zamani, nacho kichezeshi kinaisoma kama UTF-8.

Tiba ina hatua mbili. Fungua faili kwa Notepad, chagua kuihifadhi upya, na kwenye kisanduku cha `Encoding` uweke `UTF-8`. Kisha tafuta vibainishi vyote vilivyopinda uviweke vilivyonyooka. Hatua ya pili ndiyo kinga, maana kibainishi kilichonyooka husomeka vilevile katika mifumo yote miwili. Kwa sababu hiyohiyo andika “nusu” kwa neno, usitumie alama ya ½, kwani nayo huota herufi ya ziada mbele yake.

“Maneno na mdomo haviendi pamoja”

Kabla ya kugusa manukuu, yazime na utazame video peke yake. Midomo na sauti zisipolingana, manukuu hayana hatia. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka kulingana na mwanga na joto la simu, na programu ya kuhariri inayodhani idadi hiyo haibadiliki hupeleka picha mbele au nyuma ya sauti taratibu. Kabla ya kuanza kuihariri, igeuze video iwe na idadi moja ya fremu kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:a copy simu-30.mp4
```

Sauti na midomo vikilingana, basi pima manukuu mahali patatu: sekunde za mwanzo, katikati, na mwishoni. Andika kila mahali yamechelewa au yamewahi kwa kiasi gani. Namba hizo tatu zitakuonyesha chanzo.

Yakiwa yamewahi kwa kiasi kilekile kote, kwa mfano sekunde 3.5 mwanzoni na 3.5 mwishoni, mtu aliongeza nembo au utangulizi baada ya manukuu kutengenezwa. Sogeza faili nzima mara moja:

```
ffmpeg -itsoffset 3.5 -i ors.srt -c copy ors-mpya.srt
```

Tofauti ikikua kidogokidogo, manukuu yalipimwa kwenye nakala yenye mwendo mwingine wa fremu. Nakala ya fremu 25 kwa sekunde ikilinganishwa na ya 23.976, tofauti ni zaidi kidogo ya asilimia 4, yaani kama sekunde 10 kwenye video yetu ya dakika 4. Kusogeza faili nzima hakutasaidia. Utatibu mwanzo na kuharibu mwisho. Tumia programu inayonyoosha muda wote kwa uwiano. Kwenye Subtitle Edit, ambayo ni ya bure, ipo chini ya `Synchronization` kwa jina `Change frame rate`.

Yakiwa sawa hadi dakika ya pili kisha yakaruka ghafla, kuna kipande kilichokatwa au kuongezwa hapo. Sogeza vipande vinavyofuata tu, vilivyotangulia usiviguse. Kumbuka dalili hii, tutairudia kwenye maelezo ya sauti.

“Yanapita kabla sijamaliza kusoma”, au yanasomeka vibaya

Miongozo mingi ya manukuu hupima mwendo kwa maneno mangapi kwa dakika. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa lugha za maneno mafupi, na kwa Kiswahili kinadanganya. “Hayatayeyuka” ni neno moja lakini limebeba mtendaji, wakati, ukanushi na tendo, na jicho linahitaji muda wa sentensi ndogo kulipitia. Hesabu herufi badala ya maneno, nafasi zikiwemo. Mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili kwa pamoja, na mwendo ubaki karibu na herufi 15 kwa sekunde. Ukifika 20 hata msomaji mzuri atakuwa anakimbizana na maneno. Tena kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Usipime kwa jicho lako wewe unayeijua sentensi tayari.

Sasa tazama sentensi muhimu kuliko zote katika video hii. Muuguzi anasema: “Weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.” Ni herufi 61, hazienei kwenye mstari mmoja, kwa hiyo programu inaikata yenyewe inapofika 42. Hesabu uone inapoangukia:

```
Weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu
kijiko cha chumvi.
```

Mstari wa kwanza una herufi 42 kamili, na kwa programu ni kazi safi kabisa. Kwa msomaji sasa ni vijiko sita vya sukari *na nusu*, halafu kijiko kizima cha chumvi. Sauti ya muuguzi ilikuwa na pumziko dogo baada ya “sukari”, na pumziko hilo ndilo lililomwongoza anayesikia. Kiziwi hakulipata. Na kama programu imevigawa viwe vipande viwili vinavyofuatana badala ya mistari miwili ya kipande kimoja, hali ni mbaya zaidi, maana cha pili kikifika cha kwanza kimeshaondoka na hakuna pa kurudi kusahihisha.

Kwa hiyo mistari ikatwe kwa mkono, kufuata pumzi ya maana. Katika Kiswahili sheria ya kutosha ni hii: *ya, wa, vya, cha* na ndugu zao wasiachwe mwisho wa mstari mbali na jina lao, kipimo kisitengwe na namba yake, na “na nusu” ikae pamoja na kile inachokigawa. Sentensi yetu inakuwa hivi:

```
12
00:01:14,200 --> 00:01:18,400
Weka vijiko vidogo sita vya sukari
na nusu kijiko cha chumvi.
```

Muuguzi aliisema kwa sekunde 3 tu. Tukifunga kipande pale alipofunga mdomo, msomaji angelazimika kwenda kwa zaidi ya herufi 20 kwa sekunde. Lakini baada ya kusema anakaa kimya akipima sukari, na manukuu yanaruhusiwa kuingia kwenye kimya hicho. Tumeyaacha sekunde 1.2 zaidi, mwendo ukashuka hadi kama 14.5. Yanaondoka kabla hajamaliza kupima, kwa makusudi: kiziwi anasoma na kutazama mikono kwa macho yaleyale, na maneno yakibaki hadi mwisho hataona kijiko kinavyosawazishwa.

Pale ambapo hakuna kimya cha kuingilia, punguza maneno, lakini usipunguze vipimo. “Basi mama yangu, hapo sasa unachukua ile sukari yako” inaweza kuwa “Chukua sukari” bila hasara yoyote. “Vilivyosawazishwa” likiondoka umebadilisha dawa.

Kuna lalamiko jingine linalofanana na hili: “Mbona aligeuka ghafla?” Nyuma ya meza mtoto amelia, muuguzi amegeuka, na manukuu hayakusema kitu kwa sababu hakuna neno lililotamkwa. Sauti inayomfanya mtu atende jambo huandikwa katika mabano ya mraba: `[mtoto analia kwa sauti dhaifu]`. Muziki wa nyuma unatajwa mara moja unapoanza, inatosha. Si lazima kila kikombe kinapogonga meza kiandikwe.

“Maneno yapo, lakini yanamezwa na picha”

Ukuta wa nyuma umepakwa chokaa na herufi ni nyeupe. Hata njano, ambayo wengi huikimbilia, juu ya ukuta mweupe haifai: uwiano wake wa mng'ao ni karibu 1.1 kwa 1, na miongozo ya WCAG ya ufikivu wa wavuti inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Herufi kubwa zinaruhusiwa 3 kwa 1, lakini kile kilicho kikubwa kwenye kompyuta yako ni kidogo kwenye simu ya kiganjani juani. Shikilia 4.5.

Tiba ya kawaida ni kisanduku cheusi kinachopitisha mwanga nyuma ya herufi, na hapo huzaliwa tatizo lisiloonekana upesi. Kisanduku cha nusu kwa nusu kinapendeza machoni na wahariri hukipenda. Kiweke juu ya ukuta mweupe: nusu ya weupe inapenya, unapata kijivu cha kati, na herufi nyeupe juu yake zinabaki karibu 4 kwa 1 tu. Zimefeli, ingawa juu ya sehemu nyeusi za picha zilionekana safi. Kisanduku chenye weusi wa asilimia 60 kinafika kama 5.7, na cha asilimia 75 kinavuka 10. Chukua 75.

Ndiyo maana kipimo hufanywa kwenye fremu mbaya kuliko zote. Pitisha video, simamisha pale manukuu yanapopita juu ya kitu cheupe zaidi, piga picha ya skrini, kisha chukua rangi ya herufi na rangi iliyo nyuma yake uziingize kwenye kikokotoo cha uwiano. Ukiwa mbali na kompyuta, iweke simu katika hali ya kijivu bila rangi. Kinachopotea hapo kilikuwa kikitegemea rangi peke yake, kama ile alama ya nyekundu ya “kosa” na ya kijani ya “sahihi” ambazo kwa asiyetofautisha rangi hizo zinafanana. Weka X na tiki.

Manukuu yakishatengemaa, tazama meza yenyewe. Chumvi nyeupe, kijiko cheupe cha plastiki, kitambaa cheupe cha meza. Mwenye uoni hafifu anaona mkono unaosogea na hakuna kingine. Hakuna kitufe cha kuhariri kinachorekebisha jambo hili, kwa sababu ukiongeza ukali wa rangi unavichoma vyeupe vyote vitatu kwa pamoja. Rudieni sehemu ya kupima: sinia nyeusi au ubao wa giza chini, kijiko cha chuma, taa itoke ubavuni ili kilima cha chumvi kiwe na kivuli, na kamera isogee hadi kijiko kijaze theluthi ya picha. Sehemu ya tano ya chini ya fremu iachwe tupu kwa ajili ya manukuu. Kijiko kikionyeshwa hapo, maneno yatakifunika. Hali ni ileile kwa mkalimani wa lugha ya alama anayewekwa pembeni, kwani mikono yake haitakiwi kupitiwa na maandishi hata mara moja.

“Nimesikiliza yote, ila sijui kijiko kinajazwaje”

Hili ni lalamiko la asiyeona, nalo ni zito kuliko yote tuliyoyataja. Kwenye dakika 1 na sekunde 14 muuguzi anataja vijiko sita. Kisha anasema “kiwe hivi”, anapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, na sukari ya ziada inaanguka. “Hivi” ndilo neno la hatari katika video za mafunzo. Asiyeona amebaki na vijiko sita, akivijaza kilima.

Dalili za kutafuta kwenye hati ya maneno ni “hivi”, “hapa”, “hii”, “kama unavyoona”, na “piga namba inayoonekana hapo chini”. Kila moja ni shimo. Zihesabu kwanza. Kama video bado haijarekodiwa, au muuguzi anapatikana kurudia sauti, tiba iliyo rahisi na bora ni kumpa sentensi nyingine: “Pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko ili sukari iwe sawa na ukingo.” Hapo anayeona na asiyeona wanapata kitu kilekile, na hakuna wimbo wa pili wa sauti wa kutengeneza. Tungependa watu waanzie hapa kila mara, lakini mara nyingi video huwa imeshakamilika.

Ikiwa imekamilika, unaongeza maelezo ya sauti, yaani sauti ya mtu mwingine inayosema kinachoonekana na kisichosikika, ndani ya mapengo ya kimya. Orodhesha mapengo kwa kusikiliza video macho yakiwa yamefumbwa na kuandika muda wa kuanza na kwisha kwa kila kimya. Katika mfano wetu pengo linaanza 1:17.2 na kwisha 1:21.7, sekunde 4.5. Acha nusu sekunde kila upande ili sauti zisisukumane. Zinabaki sekunde 3.5.

Utajuaje sentensi itaenea? Kiswahili kinakurahisishia, kwa kuwa idadi ya irabu inakaribia sana idadi ya silabi. Silabi 5 kwa sekunde ni mwendo wa kusikilizika bila haraka, hivyo pengo hili lina nafasi ya irabu 17 au 18. Jaribu hii: “Anachota sukari, anaisawazisha kwa kisu.” Hesabu irabu: 17. Inaenea. Sasa linganisha na ile ambayo watu huandika mara ya kwanza: “Muuguzi aliyevaa sare nyeupe anachukua kijiko cha sukari na kukisawazisha kwa uangalifu.” Inazidi irabu 35, na sare nyeupe haimsaidii mtu kupima chochote. Sare itajwe mwanzoni pale muuguzi anapotokea kwa mara ya kwanza, kama kuna nafasi. “Kwa uangalifu” ni maoni, lifute. Tumia wakati uliopo, taja tendo, chombo na kiasi, halafu nyamaza.

Usimtangulie mzungumzaji pia. Maelezo yakisema “anaweka nusu kijiko cha chumvi” sekunde mbili kabla muuguzi hajasema hivyohivyo, msikilizaji anasikia chumvi ikitajwa mara mbili na anaweza kudhani ni nusu mbili. Katika video ya kupika mtu angecheka tu, hapa hapana.

Mwishoni mwa video kuna namba ya kituo cha afya inayokaa kwenye skrini sekunde 5 huku muziki ukipiga. Kisoma skrini cha simu hakisomi maandishi yaliyochomwa ndani ya picha. Namba isomwe kwa sauti, tarakimu mojamoja, na sekunde 5 hazitoshi kwa tarakimu kumi zikisomwa kwa mwendo wa mtu anayeziandika. Refusha fremu hiyo hadi sekunde 12.

“Maelezo yapo, lakini siyasikii vizuri”

Kama sauti mbili zinagongana, pengo lilipimwa kwa karatasi bila kusikiliza. Rudi ukahesabu irabu. Kama msikilizaji anashindwa kujua ni muuguzi anayesema au ni msimulizi, sauti zinafanana mno: msimulizi awe na sauti ya tabia nyingine, arekodiwe karibu na maikrofoni, kwenye chumba chenye mapazia au nguo zinazomeza mwangwi.

Maelezo yakizama ndani ya muziki, usipandishe sauti ya msimulizi. Shusha muziki wakati anaposema. Kwenye Audacity weka sauti ya video juu na ya msimulizi chini yake mara moja, chagua ile ya juu, kisha tumia `Auto Duck` na upunguze kwa desibeli 12. Ukiviweka kinyume, hakuna kitakachoshuka, na watu wengi huishia kudhani kifaa kimeharibika. Sauti iliyokamilika irudishwe kwenye picha hivi:

```
ffmpeg -i ors.mp4 -i sauti-mpya.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac ors-maelezo.mp4
```

Kuna mahali ambapo hakuna pengo kabisa. Muuguzi anaongea mfululizo huku akionyesha ngozi ya mtoto inayochelewa kurudi ikifinywa. Hapo gandisha fremu kwa sekunde 4, msimulizi aeleze, kisha video iendelee. Inafanya kazi, ila ina gharama: toleo hili sasa ni refu, na manukuu yote yanayofuata yataruka kwa sekunde 4, dalili ileile ya kuruka ghafla tuliyoiona juu. Toleo lenye maelezo liwe na faili yake ya manukuu. Lipandishwe kama video ya pili, na kiungo chake kiwekwe kwenye mstari wa kwanza wa maelezo ya video ya kwanza. Kiungo kilichozikwa chini ya mistari ishirini hakipatikani kwa anayesikiliza skrini yake mstari kwa mstari.

Kwa asiyeona na asiyesikia kwa pamoja, hakuna kati ya haya litakalomfikia. Anahitaji maandishi matupu yenye maneno yote na maelezo yote kwa mpangilio, ambayo kifaa chake cha nukta nundu kitayasoma. Unayo tayari: ni hati ya manukuu ikichanganywa na hati ya msimulizi, namba za muda zikiondolewa.

“YouTube yapo, WhatsApp hayapo”

Video ikitumwa WhatsApp, faili ya manukuu haisafiri nayo. Tengeneza nakala ambayo manukuu yamechomwa ndani ya picha:

```
ffmpeg -i ors.mp4 -vf "subtitles=ors.srt:force_style='FontSize=20,BorderStyle=3,Shadow=0,OutlineColour=&H40000000'" -c:a copy ors-wa.mp4
```

Tarakimu `40` mwanzoni mwa rangi ni kiasi cha upenyevu, robo moja, ambacho kinakupa kile kisanduku cha asilimia 75. Ukiandika `FF` kisanduku kitatoweka kabisa, kwa sababu namba hii hupima upenyevu, si weusi.

Video ikiwa ya wima, amri hiyohiyo itatoa maneno makubwa yanayojaza skrini. Ukubwa wa herufi hupimwa kwa urefu wa picha, na picha ya wima ni ndefu. Shusha `FontSize` hadi kama 10 na ukate mistari upya kwa herufi 28 hivi. Sentensi ya sukari haitaenea tena kwenye mistari miwili, hivyo igawanye: kipande cha kwanza kiishie “sukari”, cha pili kianze “na nusu kijiko”.

Nakala hii iliyochomwa usiipandishe YouTube pamoja na faili ya manukuu, maana mtazamaji atapata maneno juu ya maneno. Na kabla ya kuisambaza, itume kwenye simu ya bei ndogo, ifungue humo, sauti ikiwa imezimwa. WhatsApp huibana video, na herufi nyembamba ndizo zinazoanza kuliwa. Ukiweza kusoma “nusu kijiko” kwa urefu wa mkono, mpe simu mtu wa pili, umfumbe macho, ucheze lile toleo lenye maelezo ya sauti, kisha mpe kijiko, kisu na kopo la chumvi.